Chupa Nzito za Rafu ya Juu

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita. Mvua ya asubuhi hiyo haikunyesha wala haikukatika. Manyunyu membamba yaliganda hewani, yakailowesha barabara bila kuisafisha, na watu wakatembea wamekunja mabega kama waliosikia habari mbaya na bado hawajaambiwa inamhusu nani.

Dada Kipimo aliingia baa kwa mlango wa nyuma, mwavuli mkononi na mizani mpya kwapani. Jina hilo alipewa na wahudumu wa baa, na yeye hakulikataa, kwa maana kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kila wiki alizunguka baa tano za mjini akipima vinywaji vikali, kuona kama kilichotoka kwenye chupa kinalingana na kilichouzwa. Pombe yenyewe hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Alikuwa mtu wa sala. Kabla hajafungua mlango wa baa yoyote husimama kidogo na kumwomba Mungu amsaidie asimwonee mtu, kwa sababu kalamu yake ilikwisha kufukuzisha watu kazi, na alijua kalamu haina macho.

Baa hii ya tano ilikuwa nzito kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa ya nyumbani. Mwenye baa alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa.

"Karibu wifi," alisema mwenye baa. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha kaunta, akikausha glasi kwa kitambaa cheupe. "Hicho ulichokumbatia ni nini, mtoto au redio?"

"Mizani. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Na mizani ya nini? Umeanza kuuza sukari?"

"Ni ile brandi yenu mpya, ya chupa nyeusi. Siwezi kuona ndani imebaki kiasi gani. Wiki iliyopita nilimulika tochi mpaka nikajiona mwehu."

Kaunta alicheka kidogo. Ndivyo kila mtu alivyomwita kijana aliyesimama nyuma ya kaunta, kwa kazi yake. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwa mama yake, na mama huyo alikuwa amezikwa siku chache zilizopita. Kaunta alikuwa likizo ya msiba wiki mbili nzima, na asubuhi hii ndiyo kwanza amerudi. Kola ya shati ilikuwa imemlegea shingoni, maana shingo yenyewe ilikuwa imekonda.

"Pole sana, mdogo wangu," Dada Kipimo alimwambia.

"Nimeshapoa, dada. Tumshukuru Mungu, hakuteseka sana."

Wifi aliendelea kukausha glasi ambayo ilikwisha kukauka. Kati ya watu hao wawili palikuwa na jambo, na Dada Kipimo alilijua vizuri kwa kuwa ni yeye aliyelileta.

Mwezi uliopita hesabu ya vodka ilikataa. Walianza na chupa nane, zikaingia kumi na mbili, zikabaki sita na sehemu nne za kumi. Maana yake zilitumika chupa kumi na tatu na sehemu sita. Chupa moja ya mililita mia saba na hamsini, kwa kikombe cha toti cha mililita thelathini, hutoa toti ishirini na tano. Kwa hiyo toti mia tatu na arobaini zilitoka kwenye chupa. Mashine ya mauzo ilizijua mia tatu na tano tu. Toti thelathini na tano hazikuwa na mwenyewe. Mkono ukitetemeka wakati wa kumimina, unapoteza toti mbili tatu. Thelathini na tano hazimwagiki. Zinanywewa.

Wifi alimkata Kaunta mshahara siku ile ile, akamwambia mbele ya wateja kwamba zikipungua tena ataondoka na polisi. Kaka alikuwapo, ameegemea mlango, akasema kwa masikitiko, "Kijana, mkono mrefu hukatwa." Kaunta alirudi kuosha glasi. Wiki hiyo hiyo mama yake aliugua, na mwezi huu alimzika kwa mshahara uliokatwa.

Tangu siku ile hesabu haikupungua hata toti moja. Kila wiki Dada Kipimo alipima, akajumlisha, akaandika: sawa. Wifi alifurahi. "Umeona?" alimwambia. "Mwizi haombwi, mwizi anatishwa." Na Dada Kipimo alifurahi pia, Mungu amsamehe, kwa sababu si kila baa inatoka sawa, na ilikuwa raha kuandika neno hilo kwenye baa ya nyumbani.

Aliiweka mizani juu ya kaunta, akaisawazisha kwa kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja, akaiwasha. Aliomba chupa mbili za ile brandi nyeusi, moja ambayo haijafunguliwa na moja inayouzwa.

"Sasa dada, mizani itajuaje ndani kuna toti ngapi?" Kaunta aliuliza.

"Haitajua. Tutaiambia sisi. Vinywaji vyote hivi vina ukali mmoja, arobaini kwa mia. Toti yake moja ina uzito wa gramu ishirini na nane na kidogo. Naipima iliyojaa, naipima iliyofunguliwa, tofauti naigawa kwa toti. Vioo ni vya aina moja, kwa hiyo kioo hakinisumbui."

Iliyojaa ilisoma gramu elfu moja mia sita na arobaini. Iliyofunguliwa, elfu moja na mia tatu. Aligawa. Toti kumi na mbili.

"Mashine inasema ngapi?"

Wifi alibonyeza, akafyonza. "Kumi na mbili."

"Basi hivyo ndivyo itakavyojua."

"Kumbe hata chuma kinaweza kuwa na adabu," alisema Mpishi, aliyekuwa ametoka jikoni kuja kuangalia, mikono imejaa unga. Alikuwa mama mnene mwenye ulimi mwepesi, amekaa na baa hiyo kabla hata haijapakwa rangi. "Ipandishe na bosi tuone amekula nini jana."

"Rudi jikoni, wewe," Wifi alisema, lakini alitabasamu.

Hapo Dada Kipimo angeweza kuifunga mizani yake na kuendelea na chupa nyingine kwa macho, kama siku zote: unainua chupa usawa wa jicho, unaigawa kichwani sehemu kumi, unasoma kimo. Ila mtu akinunua kitu kipya hutaka kukitumia. Alikuwa kama mtoto na viatu vya sikukuu. Akasema, "Niteremshie zile za rafu ya juu, nizizoee."

Rafu ya juu ilikuwa ya chupa za bei, ambazo watu walizitazama zaidi ya kuziagiza. Kila wiki alisoma kimo chake, na kila wiki kilikuwa pale pale. Aliwahi kutania kwamba zile si vinywaji, ni picha za ukoo.

Kaunta alipanda kigoda, akateremsha vodka ya bei iliyofunguliwa kwa harusi fulani, ikauzwa toti moja, basi. Kimo chake kilikuwa chini ya shingo kidogo, pale pale pa siku zote. Kutoka stoo akaleta mwenzake ambaye kizibo chake hakijaguswa.

Iliyojaa: gramu elfu moja mia mbili na kumi na tano.

Iliyopungukiwa toti moja ilitakiwa kusoma pungufu kwa gramu ishirini na nane. Dada Kipimo aliiweka. Namba zilicheza, zikatulia. Elfu moja mia mbili na ishirini na mbili.

Aliitoa. Akafuta kitako cha chupa kwa kanga yake, akairudisha. Ishirini na mbili.

"Nini?" Wifi aliuliza.

"Ngoja kwanza."

Akazima mizani, akaiwasha. Akaweka tena ile brandi, ikasoma kama mwanzo. Akarudisha vodka. Chupa iliyotoka toti ilikuwa nzito kuliko chupa ambayo haijafunguliwa.

Vioo hutofautiana gramu chache, alijiambia. Kiwanda si Mungu. Lakini alijua kitu kimoja tu kinachokaa kwenye chupa ya vodka, kina rangi ya vodka, na ni kizito kuliko vodka.

*Ee Mungu wangu, mizani hii na iwe mbovu.*

"Nipe jagi tupu," alimwambia Kaunta. "Na kikombe cha toti. Na ile vodka ya kawaida mnayouza kila siku."

Aliliweka jagi juu ya mizani, akairudisha mizani kwenye sifuri. Akapima toti kumi za vodka ya kila siku, moja moja, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, bila kumwaga. Toti kumi ni mililita mia tatu. Mizani ikasoma gramu mia mbili themanini na nne. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mizani haikuwa mbovu. Akairudisha vodka kwenye chupa yake kwa mrija, akakausha jagi, akapima toti kumi za ile ya rafu ya juu.

Gramu mia mbili tisini na tisa.

Mpishi, ambaye hakujua hesabu hizo lakini alijua nyuso, alijipangusa unga kwenye aproni.

"Toti kumi za maji," Dada Kipimo alisema taratibu, "zina uzito wa gramu mia tatu."

Wifi alichukua jagi, akanusa. Akaingiza kidole, akalamba. Uso wake ulikunjamana kama aliyelamba sabuni. Kisha akamgeukia Kaunta, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Kwa hiyo nilipokukata mshahara hukuacha. Ulitafuta njia."

"Mama, mimi..."

"Ulihama rafu. Ukapanda juu huko kwenye chupa zisizonunuliwa, ukanywa, ukajaza maji, na wifi yangu akaja kila wiki akaandika sawa. Umetufanya wajinga watatu: mimi, yeye, na mume wangu anayekutetea."

"Mzee hajawahi kunitetea," Kaunta alisema. Alisema kwa upole, kama mtu anayesahihisha tarehe.

"Mpishi, niletee simu yangu."

Mpishi hakusogea. "Bosi, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ngoja wamalize kupima."

Dada Kipimo alikuwa tayari amepanda kigoda mwenyewe. Aliteremsha kila chupa ya rafu ya juu iliyofunguliwa, akazipanga juu ya kaunta. Wiski mbili na brandi moja ya rangi ya asali zilisoma sawasawa, gramu kwa gramu. Vodka nyingine, nzito. Ramu nyeupe, nzito. Aliona jambo hilo kabla hajamaliza: zilizoguswa ni zile zisizo na rangi tu. Aliyezigusa alijua kwamba wiski ikitiwa maji hupauka. Alijua pia kwamba mpimaji haonji, haweki kwenye mizani, hutazama kimo.

Alipofikia ramu nyeupe alisimama. Lebo yake ilikuwa mpya, karatasi ya kizibo bado imening'inia shingoni.

"Hii ilifunguliwa lini?"

Wifi alitazama. "Hiyo niliifungua mimi. Juma lililopita, kwa wale wageni wa mkutano. Wakanywa toti tatu, wakalalamika bei, wakahamia bia."

"Wewe mwenyewe? Kizibo kilikuwa kizima?"

"Kilinikata kidole hiki hapa."

Dada Kipimo alipima toti kumi za ramu ile. Mia mbili tisini na mbili. Nusu pombe, nusu maji, au karibu na hapo. Aliandika namba, kisha akaweka kalamu chini.

"Wifi," alisema, "juma lililopita huyu kijana alikuwa anamzika mama yake."

Mtu husikia jambo kwa masikio kwanza, halafu ndipo linashuka. Dada Kipimo aliliona likimshuka wifi yake. Alitazama ramu, akatazama kidole chake chenye jeraha, akatazama mlango wa nyuma. Usiku baa ilifungwa na yeye mwenyewe. Alfajiri ilifunguliwa na mume wake, aliyefagia, akapokea makreti, akapanga viti, peke yake, mpaka watu waje. Aliomba kazi hiyo mwenyewe alipotoka hospitali. Alisema hawezi kukaa nyumbani kama mgonjwa.

"Hapana," Wifi alisema. "Hapana, wifi. Daktari alimwambia asiguse hata toti moja. Nilikuwapo. Alimwambia, mzee, ini lako limebaki kipande, ukirudia hatutaonana tena. Akalia. Aliapa kwa kaburi la mama yenu."

"Nilikuwapo na mimi."

"Basi!"

Dada Kipimo alikuwa anakumbuka meza ya chakula, nyumbani kwa kaka na wifi, muda mfupi baada ya hesabu ile kukataa. Kaka yake alikuwa amemuuliza, kwa ile sauti yake ya utani, "Hivi wewe Kadogo, unajuaje kama toti imeibiwa? Unaongea na chupa?" Na yeye, aliyefurahi kuulizwa, alichukua chupa ya mafuta ya kupikia, akaiinua usawa wa jicho, akamwonyesha sehemu kumi kwa kidole. "Ninatazama kimo tu, kaka. Mwizi anaweza kudanganya kwa mdomo. Kimo hakidanganyi." Kaka alitikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe ada yangu haikupotea," alisema. Maana ndiye aliyemlipia masomo ya jioni, yeye Kadogo akiwa tayari mtu mzima mwenye watoto wawili, wakati wengine wanamcheka kwamba anakwenda kujifunza kusoma kwa miwani. Alikuwa akimsubiri kaka huyu nje ya darasa, na kaka alikuja, hata kwa mvua, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kaka. Kwa chupa ya mafuta, huku wakila.

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Kaka na kreti la soda, amelikumbatia kifuani. Alilishusha kwa hatua tatu, akishika meza katikati. Zamani alikuwa akibeba makreti mawili huku akipiga mluzi. Miguu ilikuwa imemvimba hata akavaa ndala katika baridi ile, na macho yake yalikuwa ya njano. Wote walikuwa wameyaona macho hayo kila siku. Walikuwa wamesema ni uchovu.

"Kuna kikao?" aliuliza. "Mbona chupa za bei zimeshuka, tumepata harusi?" Ndipo akaiona mizani. Akaitazama kwa muda. "Kadogo. Umenunua mzani."

"Nimenunua, kaka."

"Ni mzuri?"

"Ni mzuri."

Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Alijaribu kutabasamu. "Nilijua siku moja utanunua. Wewe tangu utotoni ulikuwa mtu wa kupima. Hata vipande vya muwa ulikuwa unavilinganisha."

"Baba watoto," Wifi alisema, "niambie si wewe. Niambie tu. Nitakuamini, nitamfukuza huyu, nitafunga mdomo. Sema si mimi."

Kaka alikuwa anapewa mlango, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Kaunta alikuwa amesimama pale pale nyuma ya kaunta, mikono yake juu ya mbao, akimtazama mzee huyo bila hasira. Alionekana kama mtu aliyekwisha kukubali kwamba atalipa tena.

Kaka alimtazama kijana, akainamisha kichwa.

"Mwezi ule wa vodka pia nilikuwa mimi," alisema. "Ilianza toti moja ya kunipa usingizi. Nilisema moja. Nilitumia kipimo, mnajua? Nilipima kabisa, kama mteja. Baadaye nikaacha kupima."

Wifi alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kaunta, kitambaa cha glasi bado mkononi. Mpishi akamfuata huko huko chini, akamshika begani, akaacha alama nyeupe ya unga.

"Na ukamwambia mkono mrefu hukatwa," Dada Kipimo alisema. "Kaka. Mbele ya watu."

"Nilisema."

"Akamzika mama yake hivyo."

"Najua. Nilijua hata wakati ule." Alikohoa, akafunika mdomo kwa leso, na alipoikunja haraka kuirudisha mfukoni, Dada Kipimo aliona rangi iliyokuwa ndani yake.

Alivuka ule ukumbi, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akaichukua leso mfukoni kama anavyomchukulia mtoto peremende aliyoificha. Damu. Nyingine ilikwisha kukauka, nyeusi.

"Tangu lini?"

"Juzi. Labda Jumamosi."

"Na daktari? Ulikwenda kliniki wiki iliyopita. Alikuuliza kama unakunywa?"

"Huwa anauliza kila mara."

"Ukasema nini?"

Kaka alitazama chupa zilizopangwa. "Nilisema sijagusa. Akabadilisha dawa. Akasema haelewi kwa nini ile ya kwanza haifanyi kazi. Alinihurumia, Kadogo. Kijana mdogo yule, alikaa anasoma karatasi zangu, anajilaumu."

Dada Kipimo alisimama. Ilikuwa lazima afanye kitu, na alichojua kufanya kilikuwa kimoja. Alirudi kwenye kaunta, akashika kalamu. Chupa zisizo na rangi zilizofunguliwa kwenye rafu ya juu: zilipaswa kuwa na pombe kiasi gani, na kwa uzito wake zilikuwa na kiasi gani. Akaongeza zile toti thelathini na tano za mwezi ule. Kilichokuwapo, toa kilichobaki, toa kilichouzwa. Hesabu ile ile ya kila wiki, isipokuwa sasa tofauti ilikuwa imeketi mbele yake kwenye kiti, na ndala miguuni.

Haikuwa kamili. Chupa iliyonywewa, ikajazwa, ikanywewa tena, haisemi yote.

"Si chini ya toti themanini," alisema. "Pengine zaidi. Ni wewe tu unayejua ni kiasi gani zaidi."

"Zaidi," Kaka alisema.

Kaunta alizunguka kutoka nyuma ya kaunta. Wote walimtazama, maana mtu aliyeonewa ana haki ya neno, na walilisubiri. Alichukua koti la Kaka kwenye msumari.

"Nitaita gari," alisema. "Mama mkubwa wangu alianza hivyo hivyo, na leso. Tusikae kuongea."

"Mwanangu," Kaka alimwita. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Nimekukosea. Sina..."

"Utanikosea tena ukifia hapa, mzee. Watasema ni mimi nimekuua. Simama."

Mpishi aliguna, guno ambalo siku nyingine lingekuwa kicheko. Wifi alinyanyuka sakafuni kwa kushika ukingo wa kaunta. Uso wake ulikuwa umezeeka kama aliyekesha mwezi mzima. Alikwenda mbele ya mume wake, wote wakadhani atampiga. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

"Usiape," alimwambia. "Tafadhali. Kama utaapa tena kwamba utaacha, nitabaki hapa, uende na wenzako. Sina tena pa kuziweka ahadi zako."

"Siapi kuacha."

Alishika meza, akasimama. Dada Kipimo alimshika upande mmoja, Kaunta upande mwingine, na kupitia koti alisikia jinsi mkono wa kaka yake ulivyokuwa mwembamba, mkono uliokuwa ukimshikia mwavuli. Moyoni alikuwa anaomba, na sala yake haikuwa na maneno mazuri. *Bado. Usimchukue bado.* Nje gari lilikuwa limekwisha kufika, manyunyu yakipita kwenye taa zake.

Mlangoni Kaka alisimama, akageuka. Aliwatazama wote mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu chupa: mke wake, dada yake, Mpishi mwenye unga, na kijana aliyemshika kwapa.

"Kuacha sijui kama nitaweza, na sitawadanganya," alisema, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo lakini kila mtu aliisikia. "Ila ninyi wanne ni mashahidi. Leo daktari akiniuliza nimekunywa kiasi gani, nitamwambia toti zote, za mwezi huu na za mwezi uliopita, na wewe Kadogo utasimama pale na hesabu yako, na nikipunguza hata moja unisahihishe mbele yake. Naahidi. Sitatia maji."